Baineri si msimbo wa kukariri

"Baineri si namba za kawaida, ni msimbo wa kompyuta. Kila namba ina msimbo wake wa kukariri." Dai hili si kweli: baineri ni njia ya kuandika namba zilezile kwa tarakimu 0 na 1 tu.

Chukua lundo la maembe 50 katika soko la Owino, Kampala. Tunapoandika 50, tarakimu 5 imekaa nafasi ya makumi, na 0 nafasi ya mamoja. Kila ukihama kushoto, thamani ya nafasi huzidishwa kwa 10. Kwenye baineri utaratibu ni uleule, ila huzidishwa kwa 2: kuanzia kulia nafasi ni 1, 2, 4, 8, 16, 32. Maembe hayo huandikwa 110010, yaani 32 + 16 + 2. Maembe hayajaongezeka wala kupungua.

Ili kuipata baineri ya 50 mwenyewe, gawa kwa 2 mfululizo hadi ufike sifuri, ukiandika baki kila mara:

```
50 ÷ 2 = 25 baki 0
25 ÷ 2 = 12 baki 1
12 ÷ 2 = 6 baki 0
6 ÷ 2 = 3 baki 0
3 ÷ 2 = 1 baki 1
1 ÷ 2 = 0 baki 1
```

Baki husomwa kutoka chini kwenda juu, na hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Ukisoma kutoka juu unapata 010011, ambayo ni 16 + 2 + 1, yaani 19. Kosa hili hujifichua haraka: nafasi zote ni shufwa isipokuwa ile ya mwisho kulia, kwa hiyo namba shufwa kama 50 haiwezi kuishia na 1. Hata hivyo, jibu lililoishia na 0 bado linaweza kuwa na kosa, basi jumlisha nafasi zenye 1 uone kama zinarudi 50.