Wanafunzi watatu wa alama nusu: jinsi ya kuhesabu madaraja kwenye Excel bila kupoteza mtu

Walimu wa taaluma, msimu huu wa moko tumerudisha shiti nyingi kuliko kawaida, na nyingi zina kosa lile lile: idadi ya madaraja ukiijumlisha haifiki idadi ya waliofanya mtihani. Hatusemi mtu kapika matokeo, tunajua hamjapika. Ila mkituandikia kwamba "Excel imekosea" hapo kidogo tunachoka, maana Excel imefanya kile kile ilichoambiwa.

Chukua somo lenye karatasi mbili, unajumlisha unagawa kwa 2, kwa hiyo alama za nusu haziepukiki. Wanafunzi 11 kwenye C2 mpaka C12: 28, 29.5, 41, 44, 52, 63, 64.5, 70, 74.5, 81, na mmoja ABS. Madaraja ya kidato cha nne mnayajua, F 0 hadi 29, D 30 hadi 44, C 45 hadi 64, B 65 hadi 74, A 75 kwenda juu. Wengi wanaiandika B hivi, kama ilivyo kwenye karatasi ya madaraja:

```
=COUNTIFS(C2:C12,">=65",C2:C12,"<=74")
```

Inakuja 1. Ukifanya hivyo kwa madaraja yote unapata F 1, D 2, C 2, B 1, A 1, jumla 7, wakati waliofanya ni 10. Watatu wako wapi? Ni 29.5, 64.5 na 74.5, wameangukia kwenye ufa kati ya daraja na daraja, maana 74.5 imezidi 74 na haijafika 75, haina kwao.

Dawa yake ni kila daraja liishie pale linalofuata linapoanzia, bila kuligusa. Weka mwanzo wa daraja kolamu E (0, 30, 45, 65, 75) na mwanzo wa linalofuata kolamu F (30, 45, 65, 75, 101), halafu andika hii kwenye G2 uivute chini:

```
=COUNTIFS($C$2:$C$12,">="&E2,$C$2:$C$12,"<"&F2)
```

Sasa F 2, D 2, C 3, B 2, A 1, jumla 10. Hizo alama za dola msiziache jamani, ukivuta bila dola eneo linashuka na wa juu wanatoka mmoja mmoja.

Wanaotumia FREQUENCY wana shida nyingine, mbaya zaidi kwa sababu jumla yao inatimia. FREQUENCY inataka mwisho wa daraja, siyo mwanzo, na alama iliyo sawa na mwisho huo inaingia humo ndani. Ukiipa 29, 44, 64 na 74, ile 74.5 imeipita 74 kwa hiyo inapandishwa A, 64.5 inakuwa B, 29.5 inakuwa D. Jumla ni 10, ila watatu wamepandishwa bila idhini ya mtu. Na ukiipa 30, 45, 65, 75, mwenye 75 kamili anashushwa B. Kwa alama za nusu weka 29.5, 44.5, 64.5, 74.5 kwenye H2 hadi H5:

```
=FREQUENCY(C2:C12,H2:H5)
```

Mipaka ni minne, majibu matano, la mwisho ni A. Kwenye Excel 2019 kurudi nyuma chagua selo tano kwanza, andika fomula, kisha Ctrl+Shift+Enter, ukibonyeza Enter tu unapata la F peke yake.

Halafu kuna lile la "mbona naona 75 lakini imehesabiwa B". Umeficha desimali. Selo inaonyesha 75, ndani bado ni 74.5, na fomula inasoma cha ndani. Kama shule inakadiria kwenda juu, tumia ROUND kwenye kolamu ya pembeni kabla ya kuhesabu, na uandike hivyo juu ya shiti.

Kabla ya kutuma, COUNTA toa COUNT:

```
=COUNTA(C2:C12)-COUNT(C2:C12)
```

Jibu liwe sawa na idadi ya ABS, hapa 1. Likizidi, kuna alama iliyoingia kama maandishi, mara nyingi imekopiwa kutoka faili lingine, utaiona imeegemea kushoto na kona ya kijani. COUNTIFS na FREQUENCY zote zinairuka kimya kimya. Bonyeza alama ya onyo pembeni yake, chagua Convert to Number.

Asiyefanya mtihani aandikwe ABS, siyo 0. Sifuri inahesabiwa F, tumeshasema hili mara nyingi mno. Shiti isiyotimia jumla inarudi kwa mkuu wa shule, siyo kwa mwalimu wa somo, anaisahihisha, anaambatanisha maelezo yenye saini na muhuri, anatuma upya faili lenyewe la Excel, siyo picha ya skrini, na mpaka hapo shule inasomeka kama haijawasilisha.