Je, wajua kwa nini shifoni huukimbia mkasi?

"Nimekata mikono miwili ya blauzi ya shifoni kwa pamoja, mmoja umetoka mrefu kuliko mwenzake. Na cherehani inakimeza kitambaa. Kwa nini?"

Nyuzi za shifoni ni nyembamba, zimesokotwa sana na zimefumwa kwa kuachana, kwa hiyo kitambaa hutanuka mshazari kwa kuguswa tu. Ukikikunja mara mbili, tabaka la juu hufuata mkasi na la chini hubaki lilipo. Satini huteleza kwa sababu nyingine: kila uzi huruka juu ya nyuzi nne au zaidi kabla ya kuzama, na uso unakuwa laini kama kioo.

Mikono hiyo ikatwe mmoja mmoja, kitambaa kikiwa tabaka moja. Tandika karatasi ya shashi mezani, ile nyembamba ya kufungia zawadi, na uichore mstari ulionyooka kwa rula. Laza ukingo wa shifoni juu ya mstari huo, ukisukuma kwa viganja bila kuvuta, hadi uzi ulale sawa. Weka patani juu na ubane pini ndani ya nafasi ya mshono tu. Kisha kata shifoni na karatasi kwa pamoja. Kwa mkono wa pili geuza patani, usije ukapata mikono miwili ya upande mmoja.

Kama karatasi hakuna, tumia stachi. Koroga kijiko kikubwa kimoja cha wanga wa mahindi katika nusu lita ya maji, chemsha hadi yawe mazito kidogo, acha yapoe, nyunyizia na upige pasi ya moto mdogo. Shifoni hukakamaa kama karatasi, na stachi hutoka ukifua. Jaribu kwanza kwenye kipande, maana satini ya hariri huacha alama za maji.

Kwenye cherehani, sindano nene ndiyo husukuma kitambaa kwenye tundu la bamba. Weka mpya ya namba 65/9 au 70/10, na urefu wa mshono milimita 2. Pitisha utepe wa shashi chini ya kitambaa, anza kushonea juu ya karatasi kabla ya kufika kwenye shifoni, na ushike ncha za nyuzi zote mbili kwa mishono ya mwanzo. Ukimaliza, bana mshono kwa kidole gumba na uchane karatasi polepole. Sindano imeshaitoboa, itaachia yenyewe.

Ukiona uzi mmoja umevutika na kuacha mstari unaotoka kwenye mshono, au ukasikia mlio wa tak-tak kila sindano inapotua, ncha imebutuka. Ibadilishe hapo hapo, hata kama umeiweka asubuhi.

Satini inadai jambo moja zaidi: vipande vyote vielekee upande mmoja. Ukigeuza kimoja, mng'ao wake huwa tofauti, na mbele ya dirisha sketi ya rangi moja huonekana ya rangi mbili.