Kwa nini meseji ndefu ya wasap inakatwa kwanza ndo itafsiriwe

"Kwa nini usiitafsiri tu meseji kama ilivyo, mpaka uanze kuikatakata kwanza?"

Kwa sababu wasap tunaandika kama tunavyoongea, na mtu wako akisoma anajaza mapengo mwenyewe, anajua "yule" ni nani na "ile ishu" ni ipi. Ukiipeleka lugha nyingine yale mapengo hayajazwi na mtu, wewe unaetafsiri ndo unajikuta unayajaza kwa kubahatisha, na Kiingereza kikitoka kimenyooka hakuna atakaejua kwamba ulibahatisha. Ukiikata kwanza kwa Kiswahili chenyewe unaona mapema wapi hujaelewa, na mwenye meseji bado yupo hewani unaweza kumuuliza.

Mimi huwa natafsiria watu, ndugu na majirani, mara nyingi kwenda Kiingereza. Juzi dada mmoja kanitumia hii, alitaka imfikie mwenye nyumba wake asiejua Kiswahili:

"habari za saizi samahani kwa usumbufu najua upo bize ila nilikua naomba nikueleze ile ishu ya bomba maana jana fundi alikuja akaongea na mlinzi akamwambia atamletea vifaa kesho yake saa mbili ila mpaka saa hizi cjamuona na maji yanazidi kumwagika mpaka chumbani yani jana usiku hatujalala nimejaribu kupiga hapokei na mlinzi nae anasema hajui kitu sasa sijui nimpe mwingine au nisubiri maana alishalipwa nusu na pia nilikua naulizia ile risiti ya mwezi uliopita samahani tena"

Kitu cha kwanza ninachofanya ni kutafuta swali, yani huyu anaesoma anatakiwa ajibu nini. Hapa limejificha karibu na mwisho: nimpe mwingine au nisubiri. Na kuna la pili, risiti. Hilo nalitoa kabisa liende meseji yake, maana mtu akiulizwa mawili kwa mpigo hujibu lile jepesi, atatuma risiti na bomba litaendelea kuvuja.

Sasa angalia hii: "akamwambia atamletea vifaa". Nani analeta, na anampelekea nani? Fundi anamletea mlinzi, au fundi kamwambia mlinzi kwamba yeye mlinzi amletee fundi? Kwa Kiswahili yote mawili yanakaa sawa kabisa kwa sababu kile "a" na kile "m" havisemi ni nani. Kiingereza nacho kitataka ujue hata kama fundi ni mwanaume au mwanamke, jambo ambalo sisi hatuna haja ya kulitaja. Kwa hiyo kwenye kupunguza nafuta viwakilishi vyote vinavyogombania mtu zaidi ya mmoja, naweka jina au kazi ya mtu, fundi, mlinzi, fundi, hata kama inasikika kama mtoto wa darasa la kwanza. Haitasomwa kwa Kiswahili, ni daraja tu la kupitia.

Halafu muda. "Kesho yake" inahesabiwa toka jana, kwa hiyo ni leo, ila anaesoma haraka ataona kesho. Na akiifungua meseji siku inayofuata hata "leo" itampoteza, ndo maana naandika jina la siku. "Saa mbili" je? Kwanza ni asubuhi au usiku, na pili saa yetu na ya Kiingereza zinapishana 6, saa mbili asubuhi kwake ni 8:00. Hili nalibadilisha palepale kwenye Kiswahili, naandika 8:00 asubuhi, maana ukisema utalikumbuka wakati wa kutafsiri utakuta umeshaandika 2.

Vidogo vingine vinapita haraka. Ile "c" ya "cjamuona" naiandika "si" kamili, maana ndo imebeba kukanusha kote na herufi moja ikirukwa maana inageuka. "Jana usiku hatujalala" tunasema kila siku na tunaelewana, ila "ja" ukiifuata neno kwa neno inakuwa bado hatujalala mpaka sasa, kwa hiyo nairudisha kuwa "hatukulala".

Samahani zipo mbili, na "najua upo bize", na "nilikua naomba". Kwetu ni adabu. Ukizitafsiri zote mtu anaonekana kama kafanya kosa anaomba msamaha, wakati maji yanaingia ndani kwake yeye. Nabakisha salamu moja basi. Ila sikati uzito: ile ya kutolala inabaki, kwa sababu ndo inayomwambia mwenye nyumba kwamba hili ni la leo sio la wiki ijayo. Watu wengi wakipunguza wanatoa hisia zote wanabakiza taarifa kavu, mimi naona hapo wanamwibia mwenye meseji.

Nilimuuliza dada maswali matatu tu: bomba la wapi, nani analeta vifaa, na saa mbili ya lini. Akajibu la jikoni, fundi mwenyewe ndo alete, asubuhi. Ya mlinzi kutojua kitu nikaiacha, haimsaidii mwenye nyumba kuamua. Ikatoka hivi:

"Habari. Bomba la jikoni bado linavuja na maji yamefika chumbani, jana usiku hatukulala. Jana Jumatatu fundi alimwambia mlinzi kwamba fundi ataleta vifaa leo Jumanne 8:00 asubuhi. Sasa ni 11:00 na fundi hajafika, na hapokei simu yangu. Fundi ameshalipwa nusu ya hela. Je, nimsubiri fundi huyu au niite mwingine?"

Hiyo hata mtu anaejifunza Kiswahili anaitafsiri. Kila sentensi ni fupi na mtu wake anajulikana, na swali limekaa mwisho peke yake ambapo halikosi kuonekana.

Kuna meseji sizikati kabisa lakini. Kama itatumika kama ushahidi, mfano malalamiko ya kazini au kesi, au mtu anamweleza daktari anavyoumwa, hapo natafsiri kila neno na mizunguko yake, na pasipoeleweka naandika kwamba hapaeleweki. Kule mtu anapojirudia au kusitasita ndo huenda penyewe panapotafutwa. Na hata kwenye hizi za kawaida sifuti "nadhani", "labda" wala "alisema", yanaonekana mafuta ya kuondoa ila ukiyatoa umegeuza tetesi kuwa ukweli kwa mdomo wa mtu mwingine.

Kabla ya kutafsiri huwa namrudishia mwenyewe ile iliyokatwa asome, sekunde chache tu. Dada akasoma akasema iko sawa, halafu dakika moja baadae akaandika tena: "ile nusu aliyolipwa fundi nimetoa mimi mfukoni, sio mwenye nyumba". Kwenye meseji yake ndefu ilikuwa "alishalipwa nusu", na mimi nilikuwa nimeshaelewa kwamba mwenye nyumba ndo kalipa, wala sikuona kama hapo pana swali. Nikabadilisha ikawa "Nimeshamlipa fundi nusu ya hela kwa pesa yangu", nikaongeza swali la nani atamrudishia, ndo nikaanza kutafsiri.