Smoki ya mkono: marinda sawa kwanza, mshono baadaye

Smoki ya mkono ni marinda membamba yaliyokusanywa kwa uzi wa bandi, kisha yakashikwa kwa tarizi inayopita juu yake. Si ile ya cherehani yenye lastiki kwenye bobini. Hapa kitambaa kinavutika kwa sababu ya tarizi peke yake, ndiyo maana rinda likikosewa mwanzoni halifichiki.

Tuseme kifua cha gauni la mtoto kiwe na upana wa sentimita 24. Kata poplini ya pamba ya sentimita 72. Upande wa ndani weka nukta kwa penseli kila milimita 6, na mistari iachane kwa sentimita 1. Utapata nukta 120 kila mstari, na kila moja lazima ikae chini ya mwenzake wa mstari wa juu. Kila mstari uwe na uzi wake imara wenye fundo, na sindano ichote kitambaa kidogo tu penye nukta. Ukiruka nukta moja, marinda mawili huungana kuwa moja nene, na kuanzia hapo mistari haioani tena. Vuta nyuzi zote kwa pamoja mpaka sentimita 22 hivi, kisha funga ncha mbili mbili. Marinda yakibanana hadi sindano haipiti, legeza.

Kwa trelisi, yaani zigizaga, tumia nyuzi tatu za uzi wa kutarizia na uende kushoto kwenda kulia. Kila mshono unachota rinda moja, thuluthi ya juu ya kina chake, sindano ikiwa imelala. Ukipanda, uzi ukae chini ya sindano. Ukishuka, ukae juu yake. Hapo kwenye kona ndipo wengi hukosea: ukifika kileleni, hamishia uzi juu kwanza, ushone mshono mmoja wa kugeuzia bila kupanda, ndipo ushuke. Ukipanda mara tatu na kushuka mara tatu, mzunguko mmoja unakula marinda 8. Ukiacha marinda manne kila upande kwa ajili ya mshono wa ubavuni, mizunguko 14 inaenea barabara, ukianzia na kumalizia chini.

Mshono wa sega hukaza marinda mawili kwa kushona mara mbili pale pale juu, kisha sindano inateremka ndani ya rinda la pili hadi mstari wa chini, inalifunga na la tatu, halafu inapanda ndani ya hilo la tatu. Kaza pale pa kufungia tu. Uzi uliojificha ndani ya rinda uachwe ulale. Ukiuvuta, mistari miwili inasogeleana na sega linakunjamana.

Kipimo cha mkazo ni macho: marinda jirani yagusane bila uzi kuyakata. Bandi ikishatolewa, kipande kifunguke chenyewe hadi sentimita 24. Kisipofunguka, ulikaza mno. Kikipitiliza na uzi ukaning'inia kati ya marinda, ulilegeza.