Je, wajua unavyoweza kuichambua kesi ya biashara usiyoijua, kwa sauti, mbele ya bosi?

"Nimesoma uinjinia, nimeitwa intavyuu ya konsaltingi hapa Kampala. Wakinipa kesi ya biashara ambayo sijui lolote kuihusu, naanza kuongea nikianzia wapi?"

Anzia kwenye bidhaa yenyewe, uifuate toka inaponunuliwa mpaka pesa inapoingia. Hata kama hujawahi kukanyaga kiwandani, njia hiyo unaweza kuikisia kwa akili ya kawaida, na anayekuhoji anataka kuona hiyo akili inavyotembea.

Tuchukue kesi ya kutunga. Kiwanda cha maziwa kiko Mbarara, faida yake imeshuka kutoka shilingi bilioni 6 kwa mwaka mpaka bilioni 3, kwa nini? Wewe maziwa unayajua kwenye chai tu basi.

Kwanza irudie kesi kwa maneno yako, halafu uliza swali moja au mawili yenye kazi. Mfano, "Hii faida ni kabla ya riba na kodi, au ni baada ya kutoa kila kitu?" Wengi wanaliruka hilo, kumbe wakisema ni baada ya riba basi inawezekana kiwanda kilikopa pesa nyingi tu na maziwa hayana kosa lolote. Tuseme wamekujibu ni kabla ya riba na kodi. Sawa, omba dakika moja ya kupanga, hapo ukikaa kimya hakuna shida kwa sababu umeomba, chora kwenye karatasi.

Ukirudi sema kwanza umeigawa kesi sehemu ngapi, ndo majina yake yafuate, ndo useme unaanza na lipi na kwa nini. Hivi:

"Nimeigawa safari ya lita moja sehemu nne. Moja, tunainunua bei gani kwa mfugaji. Mbili, kati ya lita tulizolipia ni ngapi zinafika dukani. Tatu, gharama za kusindika, kufunga na kusafirisha. Nne, tunauza lita ngapi na bei gani. Ningeanza na ya nne maana ikiwa mauzo hayajabadilika, nusu ya maswali inakufa hapo hapo."

Mwenye kukariri angeigawa kesi kwa mapato na gharama tu, na si uongo, ila ona kitakachompata. Anauliza mauzo, anaambiwa ni lita 80,000 kwa siku kama zamani, bei ileile. Anauliza bei ya mfugaji, anaambiwa bado shilingi 1,200 kwa lita. Gharama za kiwandani nazo hazijasogea. Amekwama! Maziwa yanayopotea njiani hayana mstari wao kwenye vitabu, yamejificha ndani ya gharama ya kununua maziwa, kwa hiyo ukigawa kwa mistari ya mhasibu huyaoni.

Wewe una sehemu ya pili, basi unauliza, "Katika kila lita 100 tunazolipia, ngapi zinauzwa?" Anakwambia zamani 95, sasa 88. Hapo usihesabu kimoyomoyo, ongea: lita 100 ni shilingi 120,000, ukigawa kwa 95 unapata kama 1,263 kwa kila lita inayouzwa, ukigawa kwa 88 ni kama 1,364. Tofauti ni karibu shilingi 100. Zidisha kwa lita 80,000, ni milioni 8 kwa siku, kwa mwaka inakaribia bilioni 3, yaani pengo lote limepatikana. Hii ya kurudi kuangalia kama namba inatosha pengo watu wanaisahau sana, mtu anakuta tatizo la milioni 400 anashangilia wakati bilioni mbili na kitu hazijulikani ziliko.

Kuhusu mgawanyo wenyewe, upime kwa kuuliza kila shilingi inaangukia sehemu moja tu au mbili. Usafiri kwa mfano, lori la kutoa maziwa kwa wafugaji na lori la kupeleka madukani, ukisema "usafiri" bila kufafanua utauhesabu mara mbili, na anayekuhoji atakubana hapo hapo.

Sasa hizo lita zinapotelea wapi? Usirukie jibu, igawe tena njia ileile: kituo cha kupozea, lori, mlango wa kiwanda, ndani ya kiwanda, dukani. Maziwa yakikaa bila kupozwa yanachacha, na mlangoni yanapimwa kwa kuchanganywa na alkoholi, yakiganda yanakataliwa. Kwa hiyo ningemuuliza, "Mfugaji analipwa kituoni au baada ya kipimo cha kiwandani?" Akisema kituoni, basi kila lita inayokataliwa mlangoni kiwanda kimeshailipia, na hapo ndo unaomba namba za maziwa yaliyokataliwa, kituo kwa kituo, na saa ambazo umeme ulikatika kwenye kila kimoja.