Alama ya pesa hudanganya, mstari wa kodi husema kweli

Kazi yangu ni kutambua picha zilipigwa wapi na lini. Risiti ikionekana mezani, wengi hukimbilia alama ya fedha. Mimi huanzia chini, kwenye kodi.

Juzi nililetewa picha ya meza ya mgahawa: sahani tupu na risiti iliyokunjwa katikati, jina la mgahawa limefichwa na mkunjo. Kilichosomeka ni jumla ya 560,00 `kr`, na chini yake neno `Moms` na 60,00.

Hiyo `kr` peke yake haikunisaidia sana, maana Uswidi, Denimaki, Norwe na Aislandi zote huiandika hivyo. `Moms` ndiyo iliyopunguza orodha. Hivyo ndivyo Waswidi na Wadenimaki wanavyoiita kodi ya ongezeko la thamani. Wanorwe huandika `MVA`, na Waaislandi `VSK`. Zikabaki nchi mbili.

Hapo hesabu ikaamua, na hapo ndipo watu hujikwaa. Aliyenitumia picha aligawa 60 kwa 560, akapata asilimia 10.7, kiwango kisicholingana na nchi yoyote kati ya hizo. Kumbe 560 tayari ina kodi ndani yake. Iondoe kwanza: 560 toa 60 ni 500, na 60 kwa 500 ni asilimia 12 kamili. Denimaki hutoza asilimia 25 hata kwenye chakula cha mgahawani, kwa hiyo kodi ingekuwa 112. Asilimia 12 ni ya chakula cha mgahawani Uswidi. Tena kiwango hicho kilianza Januari 2012, kabla yake kilikuwa 25. Basi nikajua pia kwamba risiti si ya kabla ya mwaka huo.

Kama mezani pangekuwa na bia, mambo yangebadilika kidogo. Uswidi pombe hutozwa 25, na risiti huonyesha viwango viwili. Ukiwa na jumla ya kodi tu utapata asilimia ya katikati isiyo na mwenyewe. Usiilazimishe, tafuta mistari miwili.

Lugha naipa uzito mdogo, hasa ya menyu, kwa sababu menyu huandikwa kwa ajili ya mgeni. Herufi husaidia zaidi: kati ya lugha za nchi hizo nne, `ä` ni ya Kiswidi, na `ø` ni ya Kidenimaki na Kinorwe. Lakini Kiswidi kikiandamana na bei za yuro, fikiria Ufini, ambako Kiswidi nacho ni lugha rasmi na `moms` huweza kukaa kando ya `ALV` ya Kifini.

Nilimjibu yule bwana kwamba risiti ilitolewa Uswidi. Kama picha nayo ilipigwa huko sikuthubutu kusema: risiti husafiri mfukoni, na hii ilikuwa na mkunjo wa pochi.