Barua ya kubadilisha mstari mmoja kwenye prufu iliyokwisha kuidhinishwa

Mimi ni fundi wa maandalizi ya uchapaji, yaani yule anayepokea faili la mteja, kutoa prufu, ile nakala ambayo mteja huikagua na kuiidhinisha, na kuandaa pleti, mabamba ya kuchapia, kabla kazi haijaingia kwenye mashine. Kati ya karatasi zote zinazofika mezani kwangu, barua ya mteja anayetaka kubadilisha mstari mmoja baada ya kuweka sahihi yake kwenye prufu ndiyo inayohitaji kusomwa kwa makini zaidi. Mara nyingi huandikwa kana kwamba ni malalamiko au kana kwamba ni ombi la fadhila, ilhali kwa kweli ni agizo jipya. Sahihi ile ilikuwa na maana kwamba mteja ameyasoma maandishi yote na kuyakubali. Anapotaka kuyagusa tena, anafungua sehemu ndogo ya makubaliano, na barua yake inapaswa kuonyesha wazi ni sehemu gani inayofunguliwa na ni ipi inayobaki imefungwa.

Chukua mfano wa mjasiriamali anayesindika siagi ya karanga na kuagiza lebo 5,000 za chupa ya 400 g. Ameidhinisha prufu, kisha akagundua kwamba maelezo ya uhifadhi hayatoshi. Barua ambayo ningependa kuipokea ingekuwa hivi:

> YAH: MABADILIKO YA MSTARI MMOJA, KAZI NA. 318, LEBO YA SIAGI YA KARANGA 400 g
>
> Ndugu Meneja,
>
> Rejea prufu ya pili niliyoiidhinisha kwa sahihi tarehe 12 Machi. Naomba mstari wa uhifadhi, ulio upande wa nyuma wa lebo, chini ya orodha ya viambato, ubadilishwe.
>
> Ulivyo sasa: Hifadhi mahali pakavu na penye ubaridi.
>
> Uwe: Hifadhi mahali pakavu, mbali na jua. Ukishafungua, tumia ndani ya miezi mitatu.
>
> Sehemu nyingine zote zibaki kama zilivyo kwenye prufu hiyo. Naomba kazi isimamishwe hadi nitakapoidhinisha prufu mpya, na mnijulishe imefikia hatua gani pamoja na gharama ya mabadiliko haya kabla ya kuendelea. Naelewa kwamba mabadiliko yanatoka kwangu na kwamba tarehe ya kukabidhiwa mzigo inaweza kusogea.
>
> Wenu,

Namba ya kazi na tarehe ya prufu zimetangulia kwa sababu kwenye kompyuta yangu lebo hiyo huenda ina matoleo matatu au manne, na majina ya mafaili yanafanana. Mteja akisema tu “ile prufu mliyonitumia”, ninaweza kufungua toleo la kwanza, nikarekebisha mstari alioutaja, na hapo hapo nikarudisha kosa lililokuwa limeshaondolewa kwenye toleo la pili. Maneno ya zamani na mapya yameandikwa kamili, pamoja na nukta na mkato, ili niyanakili bila kukisia. Maelezo ya aina ya “rekebisheni kidogo pale chini” humwachia fundi uamuzi ambao si wake, na sauti iliyorekodiwa kwenye simu haionyeshi mkato ukae wapi.

Sasa tuangalie mstari wenyewe. Uchapaji wa rangi kamili kwenye mashine ya ofseti hutumia pleti nne: ya sayani, ya majenta, ya njano na ya nyeusi. Ikiwa maelezo ya uhifadhi ni meusi matupu na yamewekwa yachapwe juu ya rangi ya chini, yanakaa kwenye pleti moja tu, kwa hiyo hata kama pleti zote zimeshachomwa, yaani kutiwa maandishi na picha za kuchapwa, tunachoma upya ile nyeusi na tatu zinabaki. Ikiwa ni maandishi meupe juu ya nyekundu, hali ni nyingine kabisa. Weupe ule hauna wino wowote. Ni uwazi ulioachwa kwenye kila rangi inayojenga ile nyekundu, na kwa kawaida hizo ni majenta na njano, hivyo pleti mbili zinatupwa. Maandishi ya kahawia yaliyochanganywa kutoka rangi zote nne yanagusa pleti zote. Hiyo ndiyo sababu wateja wawili wanaobadilisha mstari mmoja mmoja wanaweza kupewa bei tofauti na fundi yule yule.

Kuna pia suala la urefu. Mstari wa zamani katika mfano huu una maneno sita, na mpya una kumi na mawili, hivyo kwenye lebo nyembamba utavunjika na kuwa mistari miwili. Ule wa pili utasukuma vilivyo chini yake, na mara nyingi kilicho chini ni kisanduku cha tarehe ya mwisho wa matumizi. Kama lebo inapakwa vanishi, kisanduku hicho huachwa bila vanishi ili wino wa muhuri ushike. Kikisogea kwenye faili la rangi huku umbo la vanishi likibaki pale pale, muhuri utaangukia sehemu inayoteleza na tarehe itafutika kwa kidole. Mteja akiongeza sentensi moja barua­ni, kwamba ukubwa wa herufi unaweza kupunguzwa kidogo ili visanduku visisogee, anatuepusha na hilo. Binafsi naona afadhali afupishe maneno kuliko kupunguza herufi, kwani lebo nyingi tayari zina herufi ndogo kupita kiasi.

Kabla ya kutuma barua, inafaa kuhakikisha kwamba mstari huo ni mmoja kweli. Maelezo ya uhifadhi hukaa mahali pamoja, lakini uzito halisi huonekana mbele na mara nyingine nyuma pia. Tena, bidhaa iliyokwisha kuingia sokoni ikibadilishwa uzito uliotangazwa, kwa kanuni za GS1, shirika linalosimamia namba za msimbopau, huhitaji namba mpya. Hapo si mstari mmoja tena.

Barua haitoshi peke yake kusimamisha mashine. Mteja apige simu kwanza, kisha barua ifuate siku hiyo hiyo. Faili likiwa bado kwenye kompyuta, gharama huwa ni muda wa fundi na prufu mpya. Pleti zikishachomwa, huongezeka bei ya pleti. Karatasi zikishachapwa, mteja analipia karatasi na wino uliotumika, na huenda ikawa nafuu kuchapa stika ndogo ya mstari huo na kuibandika juu ya ule wa zamani.

Prufu mpya ikifika, asisome mstari uliobadilishwa pekee. Kama herufi zilikuwa zimegeuzwa kuwa michoro, fundi ameuandika mstari upya, na akikosa fonti ile ile, herufi zake zitaonekana nene au nyembamba kuliko za majirani. Aweke prufu ya zamani na mpya pamoja, kingo kwa kingo, azielekeze dirishani: ikiwa zimechapwa kwa ukubwa ule ule, kilichosogea kitaonekana kama kivuli. Pia aombe kuona mpangilio wa karatasi nzima. Lebo moja hurudiwa mara nyingi kwenye karatasi moja kubwa, na pale ambapo fundi hunakili na kubandika kwa mkono, nakala moja ya pembeni inaweza kubaki na maneno ya zamani, kisha ikazaa mamia ya lebo zenye kosa ndani ya mzigo ulio sahihi. Akiridhika, juu ya sahihi yake aandike kwamba prufu hii inachukua nafasi ya ile ya tarehe 12 Machi.